Je, wajua? Ukomo wa matangazo hauhesabu watu

"Viatu nimeshanunua tangu wiki iliyopita. Mbona tangazo la viatu vilevile bado linanifuata kila ninapofungua simu? Hawa watu hawana kiasi?"

Kiasi mara nyingi wanacho. Mwenye duka ameweka ukomo, tuseme mara tatu kwa siku, na mtambo unautii bila kukosea. Ila mtambo hauhesabu watu, unahesabu vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome. Na habari ya kwamba umeshanunua, huenda hakuna aliyeufikishia.

Mimi nililijibu swali hili vibaya nikiwa upande wa wauzaji. Nilikuwa nasimamia matangazo ya duka dogo la viatu la mtandaoni, nikaingia kwenye Google Ads, sehemu ya Frequency management, nikajaza 3 kwa siku, nikajiona muungwana. Haikupita wiki, mteja akatuandikia WhatsApp: "Kaka, hivi viatu vyenu nitaviota. Leo peke yake nimeviona zaidi ya mara kumi na tano." Nikasema moyoni, huyu anatia chumvi. Nilishapiga hadi picha ya mipangilio nimtumie aone tatu yangu. Bahati nzuri sikuituma.

Ukipita kwenye duka la mtandaoni, kipande cha msimbo kinachoitwa pikseli huweka kuki ndani ya kivinjari chako. Kuki ni kijifaili chenye namba ndefu, kilichobuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994. Namba hiyo huingizwa kwenye orodha ya waliowahi kupita dukani. Baadaye ukifungua tovuti ya habari, nafasi ya tangazo hupigwa mnada hata kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Mtambo huitazama namba yako, huangalia leo imeshaoneshwa mara ngapi, kisha huingia mnadani au hukaa pembeni.

Sasa mfikirie mlinzi wa mlangoni kwenye ukumbi wa harusi. Kazi yake ni kutoboa kadi. Kadi ya mtu mmoja ikishatobolewa, imekwisha kazi. Sura hatazami, hakuajiriwa kwa hilo. Akija mjomba mwenye kadi tatu, moja ya upande wa bibi harusi, moja ya upande wa bwana harusi na moja aliyopewa ofisini, ataingia mara tatu na kula mara tatu, na daftari la mlinzi litakuwa sahihi kabisa: kadi tatu, kila moja mara moja. Tena ukumbi ukiwa na milango miwili, kila mlango una mlinzi wake na daftari lake, na walinzi hawaulizani.

Mteja wetu alikuwa mjomba mwenye kadi tatu. Mara ya kwanza alifungua duka kwa kubofya kiungo ndani ya Instagram, ambayo hufungua kurasa kwa kivinjari chake cha ndani chenye kuki zake. Jioni akarudi kwa Chrome ya simu. Kesho yake akachungulia tena kwa kompyuta ya ofisini. Kwa mtambo, hao ni wageni watatu. Milango nayo ilikuwa miwili, kwa sababu ukomo niliuweka ndani ya kila kampeni, na tulikuwa na kampeni mbili: ya waliopita tu, na ya walioacha viatu kwenye kapu. Mara tatu, kwa vivinjari vitatu, kwa kampeni mbili: 18 kwa siku. Ile kumi na tano yake haikuwa na chumvi hata chembe. Na tulikuwa tunalipia mtandao mwingine wa matangazo wenye ukomo wake wa tatu, kwa hiyo dari halisi ilikuwa 27.

Nasema dari kwa makusudi. Ili aone yote 27 angelazimika kufungua kurasa nyingi, na sisi tushinde kila mnada. Pia hesabu haiharibiki hivi kila mahali. Mtu akiwa ameingia kwa akaunti yake, mtandao unaweza kuunganisha vifaa vyake na kumwona kuwa mmoja. Kwenye Safari, kivinjari cha Apple, ambacho tangu Machi 2020 huzuia kuki zote za watu wa pembeni, yaani zile zisizo za tovuti uliyoifungua, mambo hugeuka: mtambo mara nyingi hushindwa kumtambua mgeni, kwa hiyo anaweza kufuatwa kidogo kuliko wengine, na idadi inayoandikwa kwenye ripoti ina makadirio ndani yake.

Upande wa kununua ni rahisi zaidi, na ndio unaoudhi zaidi. Anayelipa anapaswa kuhamishiwa kwenye orodha ya kuachwa, na kinachomhamisha ni pikseli iliyoko kwenye ukurasa wa "asante kwa kununua". Mteja wetu aliviona viatu mtandaoni, akaulizia bei WhatsApp, akalipa kwa simu, bodaboda akampelekea. Ukurasa wa asante hakuwahi kuufungua. Dawa ni kupakia kila wiki orodha ya namba au barua pepe za walionunua, zikiwa zimefichwa kwa msimbo, na kwa ridhaa yao, maana Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Hata hivyo si kila namba itaoana na akaunti.

Kilichonichelewesha kugundua ni wastani. Ripoti ilisema kila mtu ameona tangazo mara nne, nikaridhika. Lakini chukua watu 100: tisini wameliona mara moja, kumi wameliona mara 31. Jumla ni 400, wastani ni nne, na wale kumi wanakutukana. Tazama mgawanyo, na utazame ukubwa wa orodha mbele ya bajeti. Orodha ya watu 500 ikipewa pesa ya kuonesha tangazo mara 10,000 kwa siku, hizo ni mara 20 kwa kila mmoja. Ukiweka ukomo wa tatu, mtambo utalionesha mara 1,500 na pesa nyingine itabaki. Hapo ndipo bosi huuliza kwa nini bajeti haiishi, na mtu hupandisha ukomo badala ya kupunguza bajeti.

Kuhusu idadi iliyo sawa, ushahidi ni mwembamba kuliko watu wa masoko wanavyopenda kusema. Ile "mara tatu" inayorudiwa kila mahali hutajwa sana pamoja na makala ya mtafiti wa matangazo Herbert Krugman ya 1972, na Krugman hakusema urushe tangazo mara tatu. Alikuwa akizungumzia hatua za akili ya mtazamaji wa televisheni: kwanza hujiuliza hiki ni nini, kisha kinanihusu nini, na kuanzia hapo kila tangazo ni ukumbusho tu. Mtu anaweza kuliona mara ishirini kabla hajafika hatua ya pili. Mimi tatu yangu niliitoa hewani, nikaiamini kwa sababu nilishaisikia.

Tulichobadilisha kilikuwa kidogo. Tuliunganisha kampeni mbili kuwa moja, tukaachana na ule mtandao wa pili, na ukomo tukauhesabu kwa wiki: mara tano, maana tatu kwa siku ni 21 kwa wiki. Muda wa mtu kukaa kwenye orodha tuliushusha kutoka siku 30 hadi saba, kwa kuwa anayetafuta viatu huamua upesi (Google Ads hukubali hadi siku 540, na sijui ni kiatu gani hicho). Kwa vivinjari vyake vitatu, yule mteja sasa angeweza kutuona mara 15 kwa wiki. Ni idadi ileile aliyokuwa ameimaliza kwa siku moja.