Maharagwe yakigoma, usiilaumu chumvi

Dada mmoja kutoka Kisauni alikuja kwenye darasa letu la mapishi kwa umma hapa chuoni, amebeba maharagwe ndani ya bakuli lenye mfuniko. Yalikuwa yamekaa juu ya seredani tangu saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, makaa yakaisha, na bado ukiibana punje kwa vidole inavunjika vipande kama chaki. Alikuwa na hakika ya kosa: binti yake alitia chumvi mapema.

Nikamuuliza maji waliyopikia yalitoka wapi.

"Ya kisima, mwalimu. Mfereji haukutoa maji wiki nzima."

"Na nyanya mlitia saa ngapi?"

"Tulitia vyote pamoja, tusije tukapika mara mbili."

Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana, na chumvi haimo. Imani ya kuwa chumvi huyafanya maharagwe yagome ni ya zamani, na kwetu pwani nadhani imepata nguvu kwa sababu ya jina. Maji ya visima vyetu tunayaita maji ya chumvi, na kweli hayaivishi maharagwe upesi. Lakini kinachozuia ndani ya maji yale si ile chumvi ya mezani. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ufuo wake vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji yakipita humo huchukua madini ya kalisi, na mara nyingi magnesi pia. Ndiyo maana sabuni haitoi povu kwenye maji hayo, na birika la chai hufanya gamba jeupe ndani.

Chembe za punje ya haragwe zimeshikamanishwa na kitu kinachoitwa pektini, unaweza kukifikiria kama gundi. Kupika ni kuiyeyusha gundi hiyo. Kalisi na magnesi huingia katikati yake na kuikaza, kama misumari. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju nayo huizuia isiyeyuke. Chumvi ya mezani hufanya kinyume: sodiamu yake huenda kwenye ganda la haragwe, ikaing'oa sehemu ya ile kalisi na kukaa mahali pake, na ganda likalainika.

Hatukuishia kwenye maneno. Tuliyachukua maharagwe mekundu ya gunia moja, tukayaloweka usiku mmoja na kuyainjika asubuhi katika sufuria tatu. Ya kwanza ilikuwa na maji ya mfereji matupu, ya pili maji ya mfereji na chumvi, ya tatu maji ya kisima bila chumvi. Baada ya saa moja na nusu tulizionja. Sufuria mbili za mwanzo zilikuwa zimeiva, na ile yenye chumvi ndiyo iliyopendeza zaidi: punje nzima, ganda halijapasuka, ukiitia mdomoni inasagika bila kuacha ngozi kwenye ulimi. Katika ile isiyo na chumvi punje nyingi zilikuwa zimefunguka. Ya kisima ilikuwa bado ngumu. Dada yule alizionja zote tatu, akarudia ya pili mara mbili, kisha akasema, "Basi nimemgombeza mtoto bure."

Kwa hiyo wakati bora wa kutia chumvi kwenye maharagwe ni kabla hujaliwasha jiko, yaani kwenye maji ya kulowekea. Kwa nusu kilo ya maharagwe, chukua lita 2 za maji na utie gramu 30 za chumvi, kiasi cha vijiko vikubwa viwili visivyojaa. Koroga mpaka iyeyuke, kisha yaache yalale usiku, saa 8 hadi 12. Kwa joto letu usivuke hapo, maana maji huanza kufanya povu na kunuka uchachu. Asubuhi yamwage maji hayo yote na uyaoshe maharagwe vizuri. Yanapoinjikwa kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo. Hilo usiliruke kwa maharagwe mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, na moto wa pole peke yake hauiondoi. Baada ya hapo punguza moto.

Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje mpaka punje imelainika kabisa. Tui pia lije mwishoni, na hapo ndipo uonje na kutia chumvi iliyopungua. Ukikadiria chumvi ya mchuzi wote mapema, maji yatakauka na chumvi itabaki, na tui zito halitaificha. Kumbuka pia kwamba punje zimeshanywa chumvi kidogo usiku, kwa hiyo kiasi chako cha kawaida kitakuwa kikubwa mno. Mwenye shinikizo la damu na aloweke kwa maji matupu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Kama maji uliyonayo ni ya kisima tu, yachemshe peke yake dakika 15, yaache yatulie, kisha uyamimine polepole na kuacha mashapo meupe chini. Si kalisi yote itakayotoka, ila tofauti utaiona. Na kuna maharagwe ambayo hayatasaidika hata kwa maji ya mvua: yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu kama wetu. Hayo hata yakinywa maji usiku kucha na kuvimba, hubaki magumu yakipikwa.

Nyama ina hesabu nyingine. Chukua mishkaki. Ukiinyunyizia chumvi, dakika chache baadaye nyama hutoa maji, na ukiitazama kwa karibu utaona vitone juu yake kama jasho. Ukiiweka kwenye makaa wakati huo, moto kwanza hukausha yale maji, nyama inakuwa ya kijivu na haishiki rangi. Ukingoja kama dakika 40 hadi saa moja, maji yale yenye chumvi hurudi ndani, juu panakauka, na nyama huhifadhi maji yake vizuri inapochomwa. Basi tia chumvi saa nzima kabla, au uitie pale pale unapoiweka motoni. Muda mbaya ni ule wa katikati. Vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa vinatosha kilo moja. Kima cha kababu ni tofauti kabisa: chumvi ikikaa ndani yake huyeyusha protini za nyama zikanata na kushikana, na kababu hutafunika kama mpira. Itie unapoanza kufinyanga.

Mboga ni jambo la maji tu. Mchicha utie chumvi baada ya kunywea, kwa sababu fungu zima huishia kuwa kiganja kimoja, na chumvi uliyoikisia kwa fungu zima itakuwa kali. Kachumbari iwekwe chumvi watu wakiwa wameshakaa. Bilingani la kukaanga, kinyume chake, litie chumvi nusu saa kabla, kisha ulikamue na kulifuta. Na vitunguu hutegemea unakwenda navyo wapi. Vya mchuzi vitie chumvi vikigusa mafuta, vitatoa maji na kulainika bila kuungua. Vya biriani, vile vinavyotakiwa viwe vyekundu na vikavu vya kuvunjika kwa vidole, visiione chumvi mpaka vimetoka kwenye mafuta na kuchujwa.