Una wateja watano, lakini kwa hesabu hawafiki watatu: dhana potofu kuhusu mteja mkubwa

Mie kazi yangu ni picha, video fupi na kusimamia kurasa za mitandao za watu hapa Malindi, sina bosi, kila mwezi natuma invoisi zangu nangojea. Miaka miwili nyuma hoteli niliyokuwa nikiitegemea iliniaga mwisho wa Aprili, na tangu hapo nikiwasikia wenzangu wakisema "mimi niko sawa, wateja ninao" nawauliza swali moja tu, ni asilimia ngapi ya pato lako inatoka kwa yule mkubwa? Wengi hawajui, wanakisia. Sa hebu nieleze zile dhana nilizokuwa nazo mwenyewe, na hesabu nitumie zangu, nimezizungusha tu ziwe nyepesi kufuata.

"Nina wateja watano, mmoja akitoka wanabaki wanne"

Hii ndio mama yao zote. Kuhesabu vichwa hakukuambii kitu, cha kuangalia ni kila kichwa kinaleta ngapi. Mie kwa wastani wa mwezi nilikuwa naingiza 120,000: hoteli 66,000, nyumba moja ya wageni 18,000, dada mmoja anayeuza kanga na madira mtandaoni 15,000, maboti ya kupeleka watu Marine Park 12,000, na skuli moja ya praiveti 9,000. Ukigawanya, hoteli ni asilimia 55, wanaofuata ni 15, 12.5, 10 na 7.5. Yaani hao wanne wote wakijumlishwa hawafikii mmoja.

Kuna hesabu ndogo ya kupima hili, unachukua sehemu ya kila mteja (0.55, 0.15 na kuendelea), unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha zote, halafu unagawa 1 kwa hiyo jumla. Kwenye Google Sheets au Excel, pesa ukiziweka safu ya B kuanzia B2 na sehemu zake safu ya C, ile ya C2 ukaiburuta mpaka C6, ni hivi:

```
C2: =B2/SUM(B$2:B$6)
E1: =1/SUMSQ(C2:C6)
```

Kwangu ilitoa kama 2.8. Maana yake wateja wangu watano walikuwa na uzito wa wateja wasiofika watatu wanaolipa sawasawa. Wangekuwa sawasawa kweli, jibu lingekuwa 5 kamili.

Na usipige hesabu hii kwa mwezi mmoja, hasa huku kwetu. Ukipima Januari watalii wamejaa, kila mtu anakulipa, utajiona uko vizuri. Mie Mei moja wale wadogo wengi walisimamisha kazi kwa sababu ya mvua, hoteli ikaendelea kulipa ile ile 66,000 na jumla yangu ikawa 84,000, sasa hapo hoteli ilikuwa karibu asilimia 79. Chukua miezi 12 kisha uangalie pia ule mwezi mbovu kabisa peke yake. Kitu kingine, tumia kiasi kilichoko kwenye invoisi, sio kilichoingia kwenye simu au benki, manake mteja mkubwa mwenye kampuni anakukata kodi ya zuio asilimia 5 malipo yakifika 24,000 kwa mwezi na kuipeleka KRA, wale wadogo hawakukati, basi ukisoma stetimenti utamuona mkubwa mdogo kuliko alivyo.

"Ni asilimia 55 ya pato, kwa hivo akienda napoteza 55"

Hapa ndipo nilipoumia, na hapa ndipo nataka mtu asimame asome polepole. Asilimia 55 ni ya pesa inayoingia, lakini wewe huli pesa inayoingia, unakula inayobaki baada ya gharama za kazi, na gharama haziondoki na mteja.

Mie gharama zangu kwa mwezi zilikuwa 38,000: chumba cha kazi 12,000, intaneti 4,000, dogo wa kunisaidia kuedit 15,000, umeme na programu za kulipia 7,000. Kwenye 120,000 nilikuwa nabaki na 82,000 za kupeleka nyumbani. Hoteli ilipotoka, zikabaki 54,000, toa 38,000, unabaki na 16,000. Kutoka 82,000 hadi 16,000 ni kushuka kwa asilimia 80, sio 55. Matumizi ya nyumbani kwangu ni 55,000, kodi na skuli na chakula, kwa hivo kila mwezi nilikuwa na pengo la 39,000, na akiba yangu yote ilikuwa 120,000. Piga mwenyewe, ni miezi mitatu na siku kidogo.

Lakini pia isikufanye ukadhani gharama zote ni za kudumu, ziko zinazomfuata mteja. Yule dogo karibu kazi yake yote ilikuwa video za hoteli, na mwezi wa pili ilibidi tuongee, nikamwambia ukweli, akapata kazi kwengine. Iliniuma sana, na mpaka leo tukikutana njiani naona haya kidogo ingawa yeye alishasahau. Kwa kumtoa yeye gharama zilishuka hadi 23,000, nikawa nabaki na 31,000, pengo likawa 24,000, na akiba ile ile ingenifikisha miezi mitano. Kwa hivo fanya hesabu mbili, moja ukiwa hujakata kitu na moja ukiwa umekata vile vinavyokatika, halafu jiulize inakuchukua muda gani kutambua na kukata, manake miezi unayosita inaliwa kutoka akiba.

"Nitapata mwengine"

Utapata, sibishi. Swali ni lini, na pesa yake ya kwanza inaingia lini, hivo ni vitu viwili. Hoteli iliondoka mwisho wa Aprili, mvua za masika zimeanza, nyumba nyingi za wageni zimefungwa au zinapakwa rangi, wenyewe wako Ulaya, hakuna mtu wa kukupa kazi ya picha za bwawa la kuogelea lisilo na maji. Watu walianza kuniskiza Julai, nikapata kazi ya maana Agosti, pesa ikaingia Septemba. Hiyo ni miezi minne mizima katikati. Mteja akikuacha Novemba msimu unapokaribia ni habari nyengine kabisa, kwa hivo usipime akiba kwa mwezi mzuri, pima kwa kudhani ameondoka mwezi mbaya.

"Angalau atanilipa anachodaiwa, hicho kitanisukuma"

Nilifikiri hivo. Kumbe kuna asilimia nyengine ambayo hatuihesabu kabisa, ya madeni. Wadogo wangu wote walikuwa wananilipa kwa M-Pesa siku ile ile au wiki ile ile, hoteli ndiyo iliyokuwa inalipa baada ya siku 60. Siku iliyoniaga nilikuwa nadai 140,000 jumla, na 132,000 kati ya hizo ni invoisi mbili za hoteli, Machi na Aprili. Kwenye pato ilikuwa asilimia 55, kwenye deni ilikuwa 94! Mteja mkubwa huwa pia ndiye anayechelewa zaidi, kwa sababu ana ofisi ya uhasibu na sahihi tatu, na akishakuacha huna tena kazi ya kumshikia, ulikuwa ukimlegezea kwa ajili ya kesho na kesho haipo. Walinilipa vipande vipande, cha mwisho kikaingia Novemba. Kwa hivo deni la mteja aliyeondoka usiliandike kwenye akiba. Liandike pembeni, likija limekuja.

Dalili zilikuwepo nikaangalia nikazipuuza: meneja mpya, barua pepe zinajibiwa baada ya siku nne, wakaniomba paswedi za kurasa zote "kwa usalama", wakataka fail zote za picha za miaka iliyopita, halafu invoisi ambayo haijawahi kuulizwa ikaanza kuulizwa. Moja tu si kitu. Tatu ndani ya mwezi mmoja, anza kutafuta kazi siku hiyo.

"Wateja wangu ni tofauti, hoteli, boti, nyumba ya wageni"

Tofauti kwa jina. Wote watatu wanakula kutoka kwa mtu yule yule aliyeshuka kwenye ndege, na Malindi na Watamu mtu huyo mara nyingi ni Mtaliano. Machi 2020 tuliona: Italia ikafunga nchi, tarehe 25 mwezi huo huo Kenya ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje, zikarudi Agosti mosi. Hoteli, boti na nyumba za wageni zote zilinyamaza ndani ya wiki moja. Kwa hivo baada ya kupiga asilimia za kila mteja, piga tena kwa mlango ambao pesa inaingilia. Kwangu utalii ulikuwa 55 na 15 na 10, jumla 80, uliobaki ni kanga na skuli. Na mlango si utalii peke yake, wateja watatu walioletwa na mtu mmoja ni mlango mmoja pia, ukikosana naye wanatikisika wote.

"Basi dawa ni kumpunguza mkubwa"

Hapana, usimkatae anayekulisha ili asilimia ipendeze. Ukipunguza kazi ya hoteli kutoka 66,000 hadi 36,000 sehemu yake inashuka hadi 40, lakini umejifanya maskini kwa 30,000 kwa hiari yako. Njia nyengine ya kufika 40 ni kuacha 66,000 ilivyo na kukuza jumla hadi 165,000, yaani wale wengine watoke 54,000 wafike 99,000. Ni kazi ya mwaka au zaidi, na inakwama sehemu moja, masaa. Mie nilipoandika masaa yangu wiki mbili nikaona hoteli ilikuwa inakula karibu siku nne kati ya sita, siku za kutafuta mwengine sina. Hiyo asilimia ya masaa iweke safu ya D kwenye ile shiti, ikiwa kubwa kuliko asilimia ya pesa ujue huyo mteja pia analipa kidogo kwa saa, na hapo mazungumzo ni ya bei.

Sasa hivi mkubwa wangu yuko asilimia 38, ni nyumba ya wageni, na mkataba wake una vitu viwili ambavyo ule wa hoteli haukuwa navyo: notisi ya siku 60 badala ya 30, na nusu ya mwezi inalipwa kabla sijaanza. Hiyo notisi walibishana nayo wiki nzima, nikawapunguzia 2,000 kwa mwezi wakakubali.