Bekapu yenu iko Owino? Namna ya kuieleza bodi hatari ya virusi

Chukua chama cha akiba na mikopo hapa Kampala, kina seva moja ofisini na kila usiku bekapu inaingia kwenye diski ambayo imechomekwa muda wote kwenye netiweki hiyohiyo, pasiwedi ya admini ni moja kote. Sasa virusi vya wale jamaa wanaofunga mafaili halafu wanadai hela vikiingia kupitia imeili ya karani, wanaitafuta bekapu mapema kabisa, maana wanajua ukibaki nayo huwalipi. Fundi analijua hilo vizuri, ila akifika mbele ya bodi anaanza enkripsheni sijui fayawoli, mwenyekiti anauliza "si tuna bekapu?", basi wanahamia ajenda nyingine. Inaniuma sana, hizo ni akiba za wauza matoke na watu wa boda.

Sema hivi, kwa mdomo, bila slaidi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna mama ana kibanda cha nguo Owino, na mzigo wa akiba ameuweka stoo, ila stoo yenyewe iko nyuma ya kibanda, mlemle sokoni. Moto wa 2009 mnaukumbuka. Ukiwaka tena, hiyo stoo itamfaa nini? Bekapu yetu iko kwenye stoo kama hiyo."

Halafu nyamaza, waache waulize.

Ukishaanza na Owino baki Owino, usirukie magonjwa wala wezi, watachanganyikiwa. Wakitaka tukio la kweli wape la Maersk, kampuni ya meli, Juni 2017 virusi vya NotPetya viliwapiga. Seva zao zinazotunza majina ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, wakaona hiyo inatosha kuwa bekapu, kumbe zote zilifutika, ikapona moja tu ya Ghana kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Yaani stoo moja ilikuwa nje ya soko, tena kwa bahati.

Pia waambie mfano unaishia wapi. Moto una moshi, lakini virusi vinaweza kukaa kimya wiki kadhaa, kwa hiyo hata bekapu ya jana inaweza kuwa navyo. Ndio maana mnatunza na za zamani, na mnajaribu kuzirudisha kwenye kompyuta ya pembeni muone kama kweli zinafunguka.

Wameelewa ama hawajaelewa utajua kwa maswali. Mmoja akiuliza "stoo ya pili iwe wapi, na ufunguo ashike nani?" hapo ndio utaje unachotaka: diski mbili za kupokezana, moja siku zote imechomolewa na iko nje ya jengo, pasiwedi ya bekapu isiwe ile ya admini. Bei iandike kwa shilingi, na pembeni yake waandike wao wenyewe, chama kitakaa siku ngapi bila kujua nani ana akiba kiasi gani na nani anadaiwa.