Nembo ikikatwa, ruhusa haiji

"Nikikata nembo ya pembeni kwenye video niliyotengeneza bure kwa akili bandia, si naweza kuiweka kwenye tangazo la hoteli?"

Hapana. Ruhusa ya biashara inatokana na masharti ya kifurushi, na huduma nyingi haziitoi kwenye kile cha bure. Kwa video za Veo, mashine ya Google ya kutengeneza video, zaidi ya nembo inayoonekana kuna SynthID, alama iliyofumwa ndani ya pikseli na kuundwa ihimili kukatwa.

Juzi hapa Moshi nilirefusha klipu ya Kibo kwa sekunde 5. Mashine hukisia kutoka fremu za mwisho, kwa hiyo mara mbili kilele chetu bapa kiligeuka kikachongoka kama penseli. Mgeni asingejua, Mchaga angecheka. Tuseme kila sekunde ni krediti 10: jaribio la tatu likifaa, umelipa 150, si 50, maana yaliyoharibika nayo hukatwa krediti.

Basi jaribu bure, ukiridhika lipia, kisha itengeneze upya ndani ya kifurushi cha kulipia. Usidhani malipo ya leo yanasafisha klipu ya jana. Soma masharti yanasemaje kuhusu zilizotangulia. Na klipu ya mwanzo iwe yako, au mpigaji awe amekuruhusu kwa maandishi.