Rangi ya nywele: zikiwa mbichi au kavu?

"Si nywele zikiloweshwa ndiyo hunyonya rangi zaidi?"

Kwa rangi ya kudumu, hapana. Maji huvimbisha unywele kweli, lakini pia huzimua dawa. Tuseme umechanganya mililita 60 za rangi na 60 za peroksaidi ya 6%: mchanganyiko una peroksaidi 3%. Nywele zikiwa bado na mililita 30 za maji, hiyo inashuka hadi 2.4%, na rangi yenyewe inapungua nguvu kwa moja ya tano. Utajua kwa mvi za kwenye panja: hazishiki, huku dawa ikichuruzika usoni. Tona, ile rangi nyepesi ya kurekebisha rangi ya nywele, ni habari nyingine. Saluni nyingi huipaka kwenye nywele zenye unyevunyevu makusudi, ili itoke hafifu. Ya kudumu paka kavu, labda maelekezo ya pakiti yaseme vingine.