Je, wajua kwamba "weka ya mia mbili" si kupuuza bei?

"Bodaboda wa hapa Kondele, Kisumu, huweka petroli ya shilingi mia mbili kila anapoingia kituoni, bei ipande au ishuke. Je, huo si mfano kamili wa mahitaji yasiyonyumbuka?"

Sivyo, ingawa mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo katika karatasi ya mtihani na kusahihishwa kwa wino mwekundu. Kosa langu lilikuwa kutazama noti iliyokuwa ikitoka mfukoni, nikaona haibadiliki, nikahitimisha kwamba mnunuzi hajali bei. Unyumbufu wa mahitaji kwa bei hauulizi kuhusu noti. Unauliza kuhusu lita: bei ikibadilika kwa asilimia fulani, kiasi kinachonunuliwa hubadilika kwa asilimia ngapi?

Njia rahisi ya kuona tofauti hiyo ni kwenda sokoni Kibuye na kuwatazama wanunuzi wawili. Wa kwanza anataka gorogoro moja ya mahindi, kwa sababu watoto wake hula gorogoro moja, na bei ikipanda ataongeza pesa hadi gorogoro ijae. Wa pili ametumwa mafuta ya kupikia ya hamsini. Muuzaji atampimia ya hamsini leo na ya hamsini mwezi ujao, lakini bei ikipanda, mafuta yatafika chini kidogo ya pale yalipofika mwanzo kwenye chupa. Mnunuzi wa gorogoro ndiye ambaye mahitaji yake hayanyumbuki kabisa: kiasi ni kile kile, na unyumbufu wake ni sifuri. Mnunuzi wa hamsini amepunguza kiasi bila kutamka neno, kwa kuwa bei imempunguzia. Bodaboda wetu ni ndugu wa huyu wa pili.

Amepunguza kwa kiwango gani? Tutumie bei halisi. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, hutangaza bei za juu kabisa za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, nazo huanza kutumika tarehe 15. Katika tangazo la Septemba 2023, bei ya petroli jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi 194.68 hadi 211.64 kwa lita. Bei za Kisumu na Nakuru hutofautiana kidogo na za Nairobi kwa sababu ya gharama ya usafirishaji, lakini hesabu ni ile ile.

Kwa bei ya kwanza, shilingi 200 zilinunua lita 1.027. Kwa bei ya pili zilinunua lita 0.945. Mwanafunzi mwangalifu atagawanya kila badiliko kwa thamani ya mwanzo, na kupata kwamba bei imepanda kwa asilimia 8.7 ilhali kiasi kimeshuka kwa asilimia 8.0. Akigawanya ya pili kwa ya kwanza atapata 0.92, na kwa kuwa ni chini ya moja, ataandika kwamba mahitaji hayanyumbuki. Sasa mwambie arudi nyuma, yaani aanze na bei ya juu na kushuka hadi ile ya chini. Bei imeshuka kwa asilimia 8.0, lita zimeongezeka kwa asilimia 8.7, na jibu ni 1.09. Mtu yule yule, noti ile ile, kituo kile kile, lakini akipanda mlima hanyumbuki na akiteremka ananyumbuka. Ninakiri kwamba kituko hiki hunifurahisha kila ninapokirudia.

Kosa halimo kwa bodaboda bali katika asilimia yenyewe, ambayo hutegemea unaanzia wapi. Dawa yake ni kugawanya kila badiliko kwa wastani wa thamani zake mbili. Wastani wa bei hizo ni shilingi 203.16, na badiliko la shilingi 16.96 ni asilimia 8.35 ya wastani huo. Wastani wa kiasi ni lita 0.986, na badiliko la lita 0.0823 ni asilimia 8.35 pia. Jibu ni moja kamili, uanze juu au chini. (Alama ya kutoa huwepo kwa kawaida, kwa kuwa bei na kiasi huenda pande tofauti, vitabu vingi huiacha, nami ninaiacha.) Yeyote anayetumia kiasi kisichobadilika cha pesa kwa bidhaa moja ana unyumbufu wa moja, awe ananunua petroli, sukari au muda wa maongezi.

Hadi hapa tumempima bodaboda kwa safari moja ya kituoni, na hapo ndipo jibu la mtihani linapoachana na maisha. Mahitaji hupimwa kwa kipindi, si kwa ziara. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwendeshaji anayeweka ya mia mbili mara 18 kwa wiki kabla ya bei kupanda. Hizo ni lita 18.49 kwa shilingi 3,600. Baada ya bei kupanda abiria wake ni karibu wale wale, tangi linaisha mapema kuliko alivyozoea, naye analazimika kurudi kituoni mara 19. Sasa amenunua lita 17.96 kwa shilingi 3,800. Kwa njia ya wastani, lita zimepungua kwa asilimia 2.9 hivi dhidi ya bei iliyopanda kwa asilimia 8.35, na unyumbufu ni takriban 0.35. Hapo mahitaji hayanyumbuki sana, na ushahidi wake unaonekana hata bila kikokotoo: bei imepanda na jumla ya pesa aliyotumia imepanda pia.

Kwa hiyo muulizaji alikuwa karibu na ukweli kwa sababu isiyo sahihi. Tafiti za nchi nyingi zimeona kwamba katika muda mfupi unyumbufu wa mahitaji ya petroli huwa chini kabisa ya moja, na kwamba huongezeka watu wanapopata muda wa kubadilisha chombo au njia. Hata hivyo, ile 0.35 yangu isibebwe nje ya aya ilimozaliwa. Imetokana na ziara moja ya ziada niliyoamua mimi.

Tazama jinsi ilivyo tete. Kama mwendeshaji yule angerudi kituoni mara 20 badala ya 19, angekuwa amenunua lita 18.90, yaani zaidi ya alizonunua kabla ya bei kupanda. Mwanafunzi wa haraka angetangaza kwamba amegundua bidhaa inayopendwa zaidi ikiwa ghali. Kabla ya hapo, afadhali aangalie kalenda. Shule hufungwa kwa likizo ya Agosti, na wanafunzi wanaporejea madarasani, abiria wa asubuhi huongezeka. Lita za ziada hazikuletwa na bei bali na abiria, na katika mchoro wa bei na kiasi ni mstari mzima wa mahitaji uliosogea kulia, si mwendo wa kupanda juu ya mstari ule ule. Ukitaka kumpima mwendeshaji wa Kondele kwa haki, usimuulize huweka ya pesa ngapi. Muulize aliweka mara ngapi wiki iliyopita, na alibeba abiria wangapi, kisha urudi na maswali hayo hayo baada ya tarehe 15, katika mwezi ambao shule hazijafunga wala kufungua.