Mkataba Unaoanza Katikati ya Mwezi: Kodi ya Mwisho Inalipwa Lini?

Kila mkataba wa miezi 12 unapokaribia kwisha, wapangaji wa Kampala na wenye nyumba wao huniletea hesabu ileile iliyopinda. Mkataba ulioanza tarehe 1 haumsumbui mtu. Ukianza tarehe 18, kila mmoja anatoka na siku yake.

Tuchukue nyumba ya vyumba viwili Ntinda, kodi shilingi 900,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi 12 unaoanza tarehe 18 Machi 2025. Siku ya kuingia inahesabiwa, kwa hiyo siku ya mwisho ya kukaa ni tarehe 17 Machi 2026. Wanaosema ni tarehe 18 wamejiongezea siku moja, na wanaosema ni tarehe 31, "kwa sababu mwezi ni mwezi", wamejiongezea 14. Andikeni tarehe zote mbili kwenye mkataba, ya kuingia na ya kutoka, na ubishi huo utakufa kabla haujazaliwa. Kuandika kwenyewe si hiari hapa: Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwekwe kwa maandishi.

Dhana: kodi ya mwisho inalipwa siku mkataba unapoisha

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Nyumba zetu hulipiwa kabla ya kukaa. Kodi unayotoa leo inanunua mwezi ulio mbele yako, haifuti deni la mwezi uliopita. Ikiwa siku ya kodi ni tarehe 18, malipo ya kwanza ni tarehe 18 Machi 2025 na ya 12 ni tarehe 18 Februari 2026. Hayo ya Februari yanakufikisha tarehe 17 Machi, na hapo ndipo mwisho. Anayelipa tena tarehe 18 Machi 2026 analipia mwezi wa 13.

Hasara yake haiishii kwenye shilingi 900,000. Mwenye nyumba akipokea kodi baada ya mkataba kwisha, na hakuna mkataba mpya, mapokezi hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi. Mpangaji aliyetaka kuhama atadaiwa notisi, na mwenye nyumba aliyekwisha kumuahidi mtu mwingine chumba atajikuta ana mpangaji mwenye haki zake. Wote wawili wamefungwa na malipo ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Chanzo chake mara nyingi ni risiti. Utaona imeandikwa "Kodi ya Machi, 900,000". Machi ipi? Ile inayoanza tarehe 18 Februari au ile inayoanza tarehe 18 Machi? Mpangaji anaamini Machi bado hajailipia, mwenye nyumba hakumbuki, na broka aliyewakutanisha hapokei simu. Risiti ya maana inataja muda: "18/02/2026 hadi 17/03/2026". Ukituma pesa kwa simu, weka maneno hayohayo kwenye sababu ya malipo.

Sasa ugumu unapoanzia. Wenye nyumba wengi, hasa wenye nyumba kadhaa, wanataka kila mpangaji alipe tarehe 1. Hakuna ubaya, lakini hapo siku ya mwisho ya kodi inahama kutoka tarehe 18 Februari hadi tarehe 1 Machi 2026, na kiasi chake si kodi kamili.

Hesabu inakwenda hivi. Kuanzia tarehe 18 hadi 31 Machi 2025 ni siku 14, ukihesabu siku ya kwanza na ya mwisho. Machi ina siku 31, kwa hiyo kipande cha kwanza ni 900,000 mara 14, gawanya kwa 31, yaani shilingi 406,452. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 hadi tarehe 1 Februari 2026 kuna malipo kamili 11, jumla shilingi 9,900,000. Kisha tarehe 1 Machi 2026 mpangaji analipia siku 17 zilizobaki, shilingi 493,548. Jumlisha: shilingi 10,800,000, sawasawa na kodi 12.

Mpangaji anayehesabu risiti atakosea hapa. Kipande cha kwanza pamoja na miezi 11 kamili ni risiti 12, basi anakunja mikono tarehe 1 Februari akidhani amemaliza, kumbe siku 17 za Machi hazijalipiwa. Kwa mpango huu risiti ni 13. Mwenye nyumba naye hukosea upande wa pili: tarehe 1 Machi anadai 900,000 kamili. Akipewa, mwaka mzima umegharimu shilingi 11,206,452, na mpangaji amelipia siku 14 ambazo mkataba haumpi.

Dhana: gawanya kwa 30, inatosha

Haitoshi. Ukigawanya kwa 30, siku moja ni shilingi 30,000. Siku 14 ni 420,000, siku 17 ni 510,000, jumla 930,000. Mpangaji ametozwa kodi ya siku moja bure, kwa sababu vipande viwili vya Machi ni siku 31. Mkataba ukianza katikati ya Februari ya siku 28, anayeumia ni mwenye nyumba, kwa siku mbili.

Dawa yangu, na siibadilishi: fanyeni mgao mara moja tu, mwanzoni, kwa idadi ya kweli ya siku za mwezi huo. Kipande cha mwisho kisipigiwe hesabu upya. Kitolewe: kodi ya mwezi mmoja kasoro kipande cha kwanza. 900,000 kasoro 406,452 ni 493,548. Hata Februari ya mwaka mrefu ikiingia katikati, jumla haitoki kwenye kodi 12. Andikeni kiasi hicho na tarehe yake kwenye mkataba siku ya kutia sahihi.

Dhana: dipoziti ndiyo kodi ya mwisho

Siyo, isipokuwa mkataba unasema hivyo. Dipoziti ni ya kitasa kilichovunjika, ukuta uliotobolewa na bili ya maji iliyoachwa. Ukiacha kulipa tarehe 18 Februari ukisema "kata kwenye dipoziti", umeingia kwenye deni la kodi siku hiyohiyo.

Dhana: anayelipa miezi mitatu mitatu naye ana siku ya kodi Februari

Hana. Kwa nyumba yetu ya Ntinda, malipo ya miezi mitatu yanaangukia tarehe 18 Machi, 18 Juni, 18 Septemba na 18 Desemba 2025. Ya Desemba, shilingi 2,700,000, ndiyo ya mwisho. Mwenye nyumba akipiga simu Februari kuuliza kodi, mfungulie risiti ya Desemba, mradi imeandikwa "18/12/2025 hadi 17/03/2026".